Kutempa chokoleti nyeusi kilo 2 kwa mkono: marumaru au mbegu?

Mjaza Kalibu: Naomba ulinganisho wa njia mbili za kutempa chokoleti nyeusi bila mashine, kilo 2 kwa mkupuo. Ya kwanza ni kumwaga theluthi mbili juu ya marumaru na kuikwangua hadi ipoe. Ya pili ni kutia vipande vya chokoleti iliyokwisha kutempwa, ambavyo wengi huviita mbegu. Kwa sasa naiyeyusha hadi nyuzi 45, naiacha ipoe yenyewe hadi 31, kisha naijaza kwenye kalibu. Inagoma kutoka, na baada ya siku chache inafanya ukungu wa kijivu.

Kipimajoto: Nyuzi 31 ndizo zinazotakiwa kwa chokoleti nyeusi, kwa hiyo hakuna haja ya kubadili njia. Kagua kipimajoto chako, halafu ukishajaza kalibu zitie kwenye friji mara moja.

Mwiko Bapa: Namba ni sahihi, ndugu Kipimajoto, ila haitoshi, kwa sababu chokoleti iliyofika 31 ikishuka kutoka 45 si sawa na ile iliyopanda kutoka 28. Kwenye 45 fuwele zote za siagi ya kakao zimekwisha kuyeyuka; ukiiacha ipoe bila kuikoroga na bila mbegu, inafika 31 ikiwa haina kitu cha kuiongoza, kisha inajigandia ovyo ndani ya kalibu. Siagi ya kakao huweza kuganda kwa maumbo sita, na tunalolitaka ni la tano, ambalo huyeyuka karibu na nyuzi 34. Ndilo linaloleta mng'ao, mlio wa kukatika, na kusinyaa kidogo kunakoifanya ijitenge na kalibu.

Marumaru huanzisha fuwele upya: unashusha hadi 27 au 28, ambapo huzaliwa nzuri na dhaifu kwa pamoja, kisha unairudisha kwenye ile ya moto hadi yote ifike 31 au 32 ili zile dhaifu ziyeyuke. Mbegu huleta fuwele nzuri zikiwa tayari. Kwa kilo 2, yeyusha kilo 1.5 hadi 45, iache ishuke hadi karibu 35, kisha tia gramu 500 zilizokatwa ndogondogo, kidogo kidogo, huku ukikoroga hadi 32. Mbegu zikiisha kuyeyuka kabla hujafika 34, ongeza nyingine. Ukifika 32 na vipande vimebaki, vitoe. Kisha chovya ncha ya kisu: ikiganda kwa dakika 3 hadi 5 ikiwa na mng'ao bila michirizi, jaza kalibu. Ikibaki laini au ikifanya michirizi, rudi kwenye mbegu.

Sharubati Nzito: Mimi hutengeneza peremende laini za maziwa, na zikifanya chengachenga hutia glukosi, kwa kuwa huizuia sukari isigande upya. Ukungu huo bila shaka ni sukari ileile. Mwenzetu ajaribu glukosi.

Mwiko Bapa: Kwa peremende zako ni dawa, kwa sababu sukari yako imeyeyuka ndani ya maji na inatafuta nafasi ya kurudi kuwa fuwele. Ndani ya chokoleti sukari ni chembe kavu zilizozungukwa na mafuta, na sharubati ya glukosi ina maji. Kiasi kidogo tu cha maji huifanya chokoleti iliyoyeyuka iwe nzito kama udongo. Hata hivyo, sukari huweza kuleta ukungu kwa njia nyingine: chokoleti ikitoka kwenye friji hadi hewa yenye unyevu, umande huyeyusha sukari ya juu, ukikauka huacha chembe nyeupe. Ndiyo maana ushauri wa friji mara moja nausita.

Mjaza Kalibu: Nitajuaje ni upi kati ya hao wawili?

Mwiko Bapa: Sugua kwa kidole kikavu. Ukungu wa mafuta huyeyuka na kutoweka. Wa sukari hubaki na huonekana mkavu wenye mikwaruzo, na tone la maji huuyeyusha.

Jiwe Baridi: Naona mbegu zimepewa sifa zote. Zinahitaji chokoleti iliyotempwa vizuri, na kama vipande vyako tayari vina ukungu vitakusaliti. Marumaru haihitaji chochote cha kuazima, na kwa kilo 2 mkono uliozoea hauchelewi. Kasoro yake ni kwamba ukizidisha kukwangua, chokoleti inakuwa nzito na kalibu hujaa mapovu. Hapo ipandishe hadi 32 taratibu, wala usiipeleke 34.

Kipimajoto: Friji mimi bado nasimama nayo, ila si mara moja. Kalibu zikae kwanza hadi kingo zianze kuganda, kisha dakika chache kwenye baridi ya wastani.

Mjaza Kalibu: Nimesugua: ukungu umeyeyuka kidoleni. Nitaanza na mbegu, kwa kuwa marumaru sina nafasi nayo. Je, vipande ninavyovitoa vikiwa na fuwele nzuri vinafaa kuwa mbegu za mkupuo unaofuata?

Jiwe Baridi: Vinafaa vikiganda vikiwa na mng'ao. Vikiwa na madoa, viyeyushe upya hadi 45.