Mlibonyeza "Yes" mkaona mmemaliza? Sauti ya chifu wetu mliitengeneza na hamkutuambia!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Kuna chaneli moja ya habari za mtaa hapa Nairobi. Jina naliacha, sitaki kuwaongezea watazamaji. Wametoa video ya YouTube kuhusu watu wanaokaa kando ya Mto Ngong, huku kwetu Mukuru kwa Reuben. Picha ni za kweli kabisa, ni zile tingatinga zilizopita Mei 2024 baada ya mafuriko, wakati wa ile amri ya kuondoka mita 30 kutoka mtoni. Lakini juu ya hizo picha wameweka sauti ya chifu wetu akisema walio karibu na maji wahame kabla ya Jumamosi, na atakayebaki asije akalia.

Chifu hajasema hivyo. Hajaitisha baraza lolote la namna hiyo. Sauti imetengenezwa na mashine ikafananishwa naye mpaka mtu anayemjua anaapa ni yeye.

Sasa mnielewe. Hapa kwetu hilo si jambo la mzaha. Watu waliona nyumba zikilazwa chini wakiwa bado wanatoa magodoro. Ukiwaambia "Jumamosi" hawaulizi chanzo, wanafunga mizigo. Mama anayeuza mboga mbele ya ploti yetu alibomoa kibanda chake mwenyewe, akalipa mkokoteni, akapeleka mabati kwa dadake Pipeline. Chifu akaja kukana mambo siku ambayo wengine walikuwa wameshahama. Kibanda kimerudi, lakini pesa ya mkokoteni imeenda na mahali pake pameshikwa na muuza mitumba.

Nikawaandikia wenye chaneli kwenye maoni. Jibu lao: "Tulifuata sheria. Tulitangaza kwenye mipangilio wakati wa kupandisha video. Soma maelezo." Nikaenda kusoma. Kwanza kuna namba ya M-Pesa ya kuwachangia, halafu viungo vya video zao nyingine, halafu msururu wa hashitegi, halafu chini kabisa: "Baadhi ya sauti imeundwa kwa kompyuta kwa minajili ya simulizi." Karibu na hapo kuna ile lebo ya YouTube yenyewe, "Altered or synthetic content". Vyote hivyo havionekani mpaka ufungue maelezo. Nani anafungua maelezo akiwa kwenye matatu?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Binamu yangu aliiona hiyo lebo. Akafikiri inasema tingatinga ndizo za uongo! Akaniambia, "Hizo picha ni za kutengeneza, lakini chifu ameongea." Yaani la kweli likawa uongo, na la uongo likabaki kweli. Lebo inasema tu kwamba sauti au picha imebadilishwa. Ipi? Dakika gani? Kimya.

Na wanajitetea eti maneno yenyewe yalitoka kwenye notisi ya zamani, wao "wameyasomesha" tu. Basi si msome nyinyi! Mna midomo.

FundiWaSauti
Mkuu, pole kwa huyo mama. Mimi hupandishia watu video, ndiyo kazi yangu, kwa hivyo wacha nieleze jinsi mambo yalivyo.

Ukipandisha video YouTube Studio, kwenye ukurasa wa Details unabonyeza Show more, unafika pahali pameandikwa Altered content. Unaulizwa kama video inafanya mtu halisi aonekane akisema au kufanya asilosema wala kulifanya, au inabadilisha picha za tukio au mahali halisi, au inaonyesha jambo linalofanana na kweli ambalo halikutokea. Unajibu Yes au No. Ni hivyo tu, jibu moja kwa video nzima. Hakuna pa kusema "ni sauti tu" wala "kuanzia dakika ya pili". Kwa hivyo binamu yako hakukosea kusoma, lebo yenyewe haina hiyo habari.

Sauti ya chifu inaingia kwenye lile la kwanza bila ubishi. Walipaswa kubonyeza Yes, na wamebonyeza. Kwa upande wa kanuni hiyo wametimiza. Ila kanuni hiyo ndiyo kiwango cha chini, haimkatazi mtu kusema zaidi.

Kuhusu lebo kufichwa: kwa video nyingi hukaa ndani ya maelezo. Mambo mazito kama afya, habari, uchaguzi na pesa yanaweza kupata lebo juu ya video yenyewe, lakini hiyo huamuliwa na kampuni. Mwenye chaneli hana kitufe chake. Anachoweza ni kuandika mwenyewe ndani ya picha.

Kamau_wa_Githurai
Tatizo ni kwamba ukibonyeza Yes wanakuua. Video haisukumwi na pesa ya matangazo inakatwa. Ndiyo maana watu wanaficha. Na siku hizi hata ukisafisha kelele ya upepo kwenye sauti lazima utangaze.

FundiWaSauti
Kamau, hapo kwa kuficha umesema kweli, watu wanaogopa. Lakini YouTube wenyewe wameandika kwamba kutangaza hakupunguzi watazamaji wala hakukuzuii kupata pesa. Kinachoweza kukuletea shida ni kuzoea kutotangaza: wanaweza kukuwekea lebo wenyewe na usiweze kuitoa, wakaondoa video, au wakakutoa kwenye mpango wa mapato. Kusafisha upepo hakuhitaji kutangazwa. Kurekebisha rangi pia hapana, wala kutia ukungu nyuma ya mtu.

Kamau_wa_Githurai
Wameandika, sawa. Mimi naangalia namba zangu, na zilishuka.

FundiWaSauti
Namba hushuka kwa sababu mia. Siwezi kukubishia juu ya chaneli ambayo sijaiona.

MamaHadithi
Samahani jamani, mnanitia wasiwasi. Mimi nasimulia hadithi za sungura na fisi kwa watoto, na kwa kuwa kifua changu ni kibovu natumia sauti ya mashine inayosoma. Picha ni katuni. Sasa mimi nami ni mwongo? Nifute zote?

Mkaazi_wa_Reuben (mwenye uzi)
Mama, hapana. Fisi wako hajamhamisha mtu. Hasira yangu ni kwa sauti ya mtu anayejulikana.

FundiWaSauti
Mama usifute. Katuni haidai kuwa tukio la kweli, na hiyo sauti si ya mtu fulani aliyeibiwa. Ungekuwa umeichukua sauti ya mtangazaji wa redio tunayemjua, hapo tungezungumza mengine. Ukipenda, andika tu kwenye mstari wa kwanza wa maelezo kwamba msomaji ni mashine. Wazazi watakushukuru.

Achi_Donholm
Mimi niliitazama hiyo video kabla haijaleta vurugu na nilishuku. Angalieni: picha zinaonyesha upepo na injini zikinguruma, lakini chifu anaongea kama yuko ndani ya chumba kilichofungwa. Hapumui kati ya sentensi. Na hakuna hata mara moja kipaza sauti kimelia wiii, kitu ambacho kwenye baraza zetu hakikosi. Ila nakiri nilikuwa na spika nzuri. Kwa simu ya kawaida, na sokoni, usingesikia tofauti.

Mkaazi_wa_Reuben
Na wengi hawakuiona YouTube hata kidogo! Ilikatwa kipande kifupi, sehemu ya chifu peke yake, kikazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya ploti. Huko kuna lebo gani? Kuna maelezo gani?

FundiWaSauti
Hapo ndipo umegonga penyewe. Lebo haimo ndani ya faili. Iko kwenye ukurasa wa YouTube. Mtu akipakua video, akakata kipande na kukituma, lebo inabaki nyuma pamoja na maelezo yote. Kwa hivyo mtu anayetengeneza sauti ya mtu halisi, na anajua klipu za mtaa husambazwa WhatsApp, anapaswa kuweka tangazo ndani ya video. Wateja wangu nawafanyia hivi: maandishi kwenye skrini muda wote sauti hiyo inaposikika, siyo sekunde tatu za mwanzo halafu yanatoweka. Nayaweka katikati kwenda chini, maana ukiyaweka pembeni mtu anayakata. Msimulizi mwenyewe anasema kwa mdomo kabla ya sauti kuanza. Kisha mstari wa kwanza wa maelezo, juu ya namba ya M-Pesa, unasema hivi:

```
SAUTI YA CHIFU SI YAKE: imetengenezwa kwa kompyuta (1:10–1:52).
Maneno yametoka kwenye notisi ya zamani. PICHA ni za kweli, Mei 2024.
```

Mistari miwili. Binamu asingechanganyikiwa.

Kamau_wa_Githurai
Ukiandika hivyo nani atatazama? Sauti ya chifu ndiyo inayovuta watu.

Achi_Donholm
Kamau, umesoma ulichoandika?

Mzee_wa_Nyumba_Kumi
Vijana, nimefuatilia. Mimi ni wa huku huku. Wiki iliyopita usiku maji yalianza kupanda tena, kijana mmoja akarekodi na kutuma kwenye kikundi ili watu wa chini waondoke. Majibu yalikuwa "hiyo ni ya kutengeneza", "tumezoea". Ilibidi tupite mlango kwa mlango tukigonga mabati. Video ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo tunalolipia sasa, na hiyo chaneli haimo kwenye orodha ya wanaolipa.

Swali langu ni moja: chifu afanye nini? Video bado iko.

FundiWaSauti
Mzee, YouTube ina njia ya malalamiko ya faragha kwa mtu ambaye sura au sauti yake imeigwa. Kwa kawaida lazima aombe mwenyewe, si mimi wala wewe kwa niaba yake. Wanaangalia kama anatambulika, kama video imetangazwa kuwa ya kutengenezwa, kama ni dhihaka, na kama mhusika ni mtu wa umma. Hapo sijui wataamua vipi, kwa sababu chifu ni mtumishi wa umma na chaneli ilibonyeza Yes. Kuna pia Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya 2019 inataja utambuzi wa sauti kwenye data za kibayometriki. Kama kesi ya namna hii itashika, hilo ni la mwanasheria.

Mzee_wa_Nyumba_Kumi
Nimemwambia. Anasema anasubiri kibali kutoka juu kabla ya kuandika chochote.

Mkaazi_wa_Reuben
Basi tusubiri kibali. Wenye chaneli, najua mnasoma hapa: anzeni na pesa ya mkokoteni ya huyo mama. Mnajua pa kunipata, niko kwenye maoni yenu kila siku.