Rozela nikiikamulia ndimu haibadiliki, nikiitia magadi inakuwa nyeusi. Nifanyeje?

MamaKulwa_Igoma: Wakuu, habari za jioni. Nina mapacha wa miaka saba, na likizo hii nataka tufanye majaribio ya sayansi jikoni kwa vitu vilivyopo, maana hela ya kununua vifaa sina. Nimesikia maji ya rozela hubadilika rangi. Nimenunua rozela ya jero, nikaichemsha ikawa nyekundu nzito. Kikombe kimoja nikakikamulia ndimu, wala hakikubadilika. Kingine nikatia kijiko kizima cha magadi ya maharage, kikawa cheusi tii. Doto akasema, "Mama, umeiunguza." Naombeni ushauri, na niwaelezeje watoto wa umri huo?

Bahari_Nyegezi: Dada, magadi umezidisha, weka chembe tu. Halafu ndimu haina nguvu, tafuta siki ya dukani.

MwalimuMstaafu: Kwenye magadi Bahari yuko sahihi, kwenye ndimu hapana. Rozela yenyewe ni chachu, onja bila sukari utaona. Ukiongeza uchachu juu ya uchachu, rangi haina pa kwenda, hata ukimimina siki chupa nzima. Ndimu iweke mwisho, na utaona kazi yake.

Mama Kulwa, fanya hivi. Chukua maua matano au sita makavu, yamwagie kikombe kimoja cha maji ya moto, yafunike mpaka yapoe, kisha chuja bila sukari. Usiyatumie mazito hivyohivyo. Chota vijiko viwili vya chakula, weka kwenye glasi inayopitisha mwanga, ongeza maji mpaka nusu glasi. Ikiwa waridi nyepesi kiasi cha kuona kidole upande wa pili, hapo iko tayari. Tengeneza glasi tatu za namna hiyo na moja isiguswe kabisa, watoto wailinganishe na nyingine.

Magadi yakoroge pembeni kwanza, kiasi cha ncha ya kijiko kwenye nusu kikombe cha maji. Kulwa adondoshee kidogokidogo kwenye glasi ya pili huku Doto akitaja rangi. Itaenda zambarau, kisha bluu yenye ukijani. Hapo simamisheni na kamulieni ndimu: povu litapanda na wekundu utarudi. Povu hilo ni hewa inayotoka magadi yanapokutana na uchachu. Msichelewe, kwa sababu rangi ikikaa kwenye magadi makali huharibika, inageuka kahawia na ndimu hairudishi tena. Weusi wako nadhani ulitoka huko, pamoja na uzito wa juisi.

Kwa miaka saba usiwatajie majina makubwa. Kabla ya kudondosha, waulize: "Hiki kitaipeleka rozela upande wa ndimu au upande wa magadi?" Wajibu kwanza ndipo wajaribu. Glasi ya tatu watie maji ya sabuni ya kufulia.

Bahari_Nyegezi: Na majivu je? Nadhani yale ni uchafu tu, hayafanyi kitu.

MwalimuMstaafu: Yanafanya sana. Loweka majivu ya kuni, acha yatulie, chota maji ya juu yaliyo safi. Yanaelekea upande wa magadi. Ila yanachoma macho, kwa hiyo mama ndiye amimine. Na jiki isiguse jaribio hili hata kidogo: inafuta rangi tu, na ikichanganyika na ndimu au siki inatoa hewa ya sumu.

DagaaMwaloni: Safi sana! Basi kumbe tunaweza kupima maji ya ziwa kama ni salama kunywa. Wanangu kesho nawatuma ufukweni na ndoo.

MwalimuMstaafu: Hapana kaka. Rozela haioni vijidudu vya kipindupindu wala vya kichocho, na maji yenye navyo yanaweza kuonekana sawasawa na maji safi. Usiwaache watoto waingie ziwani kuchota, kichocho kinapita kwenye ngozi. Ya kunywa chemsha kama kawaida.

MamaKulwa_Igoma: Nimerudi. Tumefanya! Kulwa alipiga kelele povu lilipopanda, Doto akataka arudie mpaka ndimu zikaisha. Ila kuna jambo: glasi isiyoguswa, niliyoiongezea maji ya kisima, nayo ilianza kuwa zambarau kabla hatujatia kitu. Niliyoiongezea maji ya mvua ilibaki waridi.

MwalimuMstaafu: Kisima chenu huenda kina chumvichumvi zinazovuta upande wa magadi. Birika lako linaota utando mweupe ndani?

MamaKulwa_Igoma: Linaota, tena mzito.

Bahari_Nyegezi: Au ndoo ilibaki na sabuni.

MwalimuMstaafu: Nayo inawezekana. Chota upya kwa chombo kilichosuuzwa mara kadhaa, mrudie, mtuambie.