QUERY, SUMIFS au jedwali la pivoti: ipi iilishe chati ya kila mwezi?

Mtunza_Daftari

Salaam, wanajukwaa. Ninatunza daftari la mapokezi ya maziwa la ushirika mdogo huku Njombe, kwa kutumia Google Sheets. Laha ya Mapokezi ina safu tatu: A ni tarehe, B ni namba ya kituo, C ni lita. Imefikia mistari kama 1,100 na huongezeka kila asubuhi. Ninahitaji laha ya pili, Muhtasari, yenye jumla ya kila mwezi kwa kila kituo, ili chati ya mistari inayotazamwa na kamati ijisomee humo bila mimi kuigusa.

Jedwali la pivoti lilikuwa jepesi, lakini jumla kuu iliingia kwenye chati ikavifunika vituo vyote. SUMIFS inafanya kazi, ila nalazimika kuandika miezi na vituo kwa mkono. QUERY ndiyo iliyonivutia:

```
=QUERY(Mapokezi!A1:C, "select month(A), sum(C) where B is not null group by month(A) pivot B", 1)
```

Tatizo ni kwamba mwezi wa Machi inauandika 2, na jumla yake ni lita 9,412 ilhali daftari la karatasi lina 9,780. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Wenzangu mnatumia ipi?

Mhasibu_Mstaafu

Ndugu, kaa na SUMIFS. QUERY ikikuta maandishi mahali pa namba huyaruka kimyakimya. Bila shaka kuna karani aliyeandika «18 lita» badala ya 18. SUMIFS haidanganywi namna hiyo. Kuandika miezi 12 kwa mkono ni kazi ya dakika mbili.

Mama_Chama

Hata mimi QUERY ilinisumbua wiki nzima. Michango yetu iko kwenye faili jingine, nikaivuta kwa IMPORTRANGE, na kila nilipoandika B nikaambiwa NO_COLUMN. Dawa yake ni kuandika Col2 badala ya B, na C yake iwe kubwa. Jaribu hivyo.

Fundi_wa_Fomula

Dada Mama_Chama, hilo ni kweli data inapotoka kwa IMPORTRANGE au ndani ya mabano ya mawimbi. Mwenzetu anasoma laha ya faili lilelile, kwa hiyo herufi zake ziko sawa.

Mzee wangu Mhasibu, kwa heshima, nusu ya maelezo yako ndiyo ninayoyakubali. QUERY huipa kila safu aina moja kwa kuangalia thamani zilizo nyingi, na zilizo chache za aina nyingine huzihesabu kuwa tupu. Lakini «18 lita» haihesabiwi na SUMIFS wala SUM pia, kwa hiyo kuhama fomula hakutamwokoa. Kosa hilo hugunduliwa kwa kulinganisha seli zilizojazwa na seli zenye namba:

```
=COUNTA(Mapokezi!C2:C)-COUNT(Mapokezi!C2:C)
```

Jibu lisipokuwa sifuri, kuna maandishi kwenye safu ya lita. Mimi, hata hivyo, ninashuku safu B. Ndugu Mtunza, je, vituo vyote vina namba pekee, au kipo chenye herufi?

Mtunza_Daftari

Fomula yako imenipa 0. Kuhusu vituo: tuna 3, 5, 7 na 7A. Hiki cha mwisho kilifunguliwa Machi, baada ya wakulima wa ng'ambo ya mto kuchoka kuzunguka. Nimechuja lita zake za Machi peke yake, na ni 368. Ndizo hasa zilizopotea!

Fundi_wa_Fomula

Basi tumempata. Vituo vingi ni namba, kwa hiyo safu B imehesabiwa kuwa ya namba, na 7A ikawa tupu. Kisha sharti lako la «where B is not null» likaifuta kabisa. Hapa ndipo SUMIFS ingeishinda QUERY: ingeiona 7A kama ilivyoandikwa. Ungeliondoa sharti hilo, ungeona safu isiyo na jina, na pengine ungeshtuka mapema.

Suala la Machi kuwa 2 ni kwa sababu month() huanza kuhesabu na 0. Usiongeze 1 ukadhani umemaliza, kwa maana mwakani Machi mbili zitajumlishwa pamoja. Weka safu mbili za usaidizi kwenye Mapokezi, ya kwanza D1:

```
={"Mwezi"; ARRAYFORMULA(IF(A2:A="",,A2:A-DAY(A2:A)+1))}
```

Hii huigeuza kila tarehe kuwa siku ya kwanza ya mwezi wake. Zile koma mbili zinafuatana kwa makusudi: ukiweka "" hapo, unaingiza maandishi kwenye safu ya tarehe na kurudi kulekule. Ipe safu D umbizo la tarehe. Kisha E1:

```
={"Jina"; ARRAYFORMULA(IF(B2:B="",,"K"&B2:B))}
```

Sasa kila kituo ni maandishi: K3, K5, K7, K7A. Muhtasari unakuwa hivi:

```
=QUERY(Mapokezi!A1:E, "select D, sum(C) where D is not null group by D pivot E", 1)
```

Iache laha hiyo bila kitu kingine chini wala kulia, la sivyo fomula itakosa pa kutandaza majibu na kukupa #REF!, na chati itabaki tupu. Kwenye laha nyingine weka seli ya ukaguzi, ambayo mimi huipaka nyekundu ikiwa si sifuri:

```
=ROUND(SUM(Mapokezi!C2:C)-SUM(Muhtasari!B2:Z),2)
```

Mtunza_Daftari

Machi sasa ni 9,780, na seli ya ukaguzi ni 0. Ahsante sana. Limebaki jambo moja: K5 ilifungwa Juni kwa ukarabati wa tangi, na mstari wake kwenye chati umekatika hapo.

Mhasibu_Mstaafu

Nimekubali kuhusu maandishi; nimekagua faili langu na nimekuta mawili. Lakini kwa hili la Juni sirudi nyuma. QUERY haiwezi kuandika kisichokuwepo. Kituo kimoja kikikosa rekodi utapata seli tupu, na vituo vyote vikikosa, mwezi mzima hautakuwa na mstari. SUMIFS juu ya miezi iliyoandikwa itatoa 0, na kamati itaona wazi kwamba hakuna kilichopokelewa.

Fundi_wa_Fomula

Sifuri nayo ina maana yake, Mzee. Mjumbe akiona K5 imeshuka hadi 0 atauliza wakulima wamekwenda wapi, wakati kituo kilikuwa kimefungwa. Kwa kituo kilichofungwa mimi ningeacha pengo. Kwa kituo kilichokuwa wazi kisipate maziwa, ningetaka 0. Fomula zote mbili hazijui tofauti hiyo.

Karani_Kijana

Mimi bado natumia pivoti. Jumla kuu huondolewa kwa kutoa alama ya tiki kwenye kuonyesha jumla, hapo kwenye kihariri chake, na tarehe hupangwa kwa mwezi na mwaka bila safu ya usaidizi. Iliniumiza mara moja tu, nilipochuja kwa kuchagua majina: tawi jipya lilipofunguliwa, halikuonekana hadi nilipolichagua.

Fundi_wa_Fomula

Na QUERY ina ugonjwa wa jirani, kijana. Pivot hupanga majina kwa alfabeti, kwa hiyo K4 ikifunguliwa kesho itaingia katikati ya K3 na K5. K5 itachukua rangi ya K7, na K7A itasukumwa nje ikiwa eneo la chati linaishia safu E.

Mtunza_Daftari

Kituo kipya kinatarajiwa Agosti, na kamati ndiyo itakayokipa namba. Nitawaomba kiwe 9.