Naomba ushauri: miezi 14 ya michango haionekani baada ya mifuko kuunganishwa

Habari zenu wanajukwaa, shikamooni wakubwa.

Niliajiriwa serikalini Julai 2010, nikiwa mwanachama wa mmoja wa ile mifuko minne (PSPF, LAPF, PPF na GEPF) iliyounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Nimestaafu mwisho wa Juni 2025, nikiwa na miaka 60. Kwa hesabu yangu ni miezi 180 kamili, yaani kile kiwango cha chini cha kulipwa pensheni ya kila mwezi. Taarifa ya michango inaonyesha 166.

Pengo ni Septemba 2013 hadi Oktoba 2014, mara tu nilipohamishwa kituo. Salari slipu ninazo, zimepauka lakini makato ya asilimia 5 yanasomeka. Kwa mwajiri wa wakati ule nimeenda mara mbili. Mhasibu anasema majalada yalihamishwa. Na jina langu la kati limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, sijui kama ndiyo chanzo.

Naombeni mnisaidie: salari slipu peke yake zinatosha kudai miezi hiyo, au lazima mwajiri athibitishe kuwa asilimia 15 yake iliwasilishwa? Na nikisaini malipo ya mkupuo sasa, nitakuwa nimejifungia mlango wa pensheni?