Naomba ushauri: binti yangu anapima pembe ya mshuko kutoka ukutani

Hamjambo wenzangu. Niko Kayole, namfundisha binti yangu hesabu jioni. Pembe ya mwinuko ameishika: ngazi ya mita 5, mguu wake mita 3 kutoka ukutani, inagusa ukuta mita 4 juu. Tan ni 4 kwa 3, kikokotoo kinatoa nyuzi 53.

Shida ni akiwaza yuko juu ya ngazi, anatazama mguu wa ngazi chini. Anachora pembe kati ya ngazi na ukuta, anapata nyuzi 37. Kila mara! Namwambia pembe ya mshuko huanzia kwenye mstari mlalo wa macho, si ukutani, kwa hiyo ni 53 ileile, maana mstari huo na sakafu ni sambamba. Anaitikia, kesho yake anarudia 37.

Jana nilifunga uzi kileleni mwa ngazi ya fundi rangi, nikauvuta mlalo hadi kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Hapo akanyamaza, akautazama sana. Lakini daftarini hakuna uzi. Walimu, mnamzoeshaje mtoto kuuchora mstari huo kwanza?