Tupeane uzoefu: Utani wa Kiingereza uliokukwamisha kuuleta katika Kiswahili kwenye video

Kalamu Mbili: Ndugu zangu, jana nilitazama kichekesho chenye maandishi ya Kiswahili, watu wakacheka ndani ya video, na mimi nikabaki nimekodoa macho. Wanaofanya kazi hii ya maandishi au ya kuingiza sauti, ni utani gani uliowatoa jasho, na mliuokoa vipi?

Bin Simulizi: Umenigusa, mkuu. Kwangu ni ule msemo wa Waingereza kwamba jambo litatokea siku nguruwe watakaporuka angani, yaani halitatokea kamwe. Mfanyakazi anaomba nyongeza ya mshahara, bosi anamjibu kwa msemo huo, na papo hapo nguruwe mwenye mbawa anapita dirishani. Kampuni ilinipa maneno matupu bila picha, kwa kuhofia video isivuje kabla ya wakati wake, kwa hiyo sikujua habari za dirisha. Nikaandika kwa Kiswahili chetu: «Nyongeza yako imeota mbawa.» Msimamizi aliisoma akacheka, waigizaji wakarekodi, kazi ikapita. Siku ya kuitazama pamoja na picha, nguruwe akapita, na mfanyakazi akasema kwa furaha: «Basi niandikie leo!» Chumba kizima kilikaa kimya huku kicheko kilichorekodiwa kikiendelea chenyewe. Katika Kiingereza bosi ameweka sharti, na sharti limetimia mbele ya macho yake. Katika sentensi yangu hapakuwa na sharti lolote, bali nyongeza iliyotoweka. Mwigizaji wa sauti ya mfanyakazi alikuwa amekwisha kuondoka, na mteja alitaka video kesho yake asubuhi.

Mama Wawili: Hapo kwenye kicheko kinachoendelea chenyewe nimepaona. Pole.

Mzee wa Nahau: Suluhisho ni jepesi: nahau hujibiwa kwa nahau. Ungeandika «Utasubiri meli uwanja wa ndege», na kila msemaji wa Kiswahili angecheka.

Dada Nukta: Shikamoo, Mzee. Kanuni yako inafaa pale watu wanapozungumza tu. Hapa kuna nguruwe kwenye kioo, na mtazamaji atajiuliza meli iko wapi. Mimi huanza na swali moja: sentensi inayofuata inasimama juu ya nini? Ikiwa inasimama juu ya sharti, ninalinda sharti hata kama nahau inapotea. «Siku nguruwe akiota mbawa» ina herufi 26 pamoja na nafasi na nukta, na kwa kiwango cha herufi 17 kwa sekunde ambacho wengi wetu tunapewa, inasomeka ndani ya sekunde 2 za bosi. Ukiirefusha iwe «Nitakuongezea mshahara siku nguruwe watakapoota mbawa», unafika herufi 54, na mtazamaji atakuwa bado anasoma wakati nguruwe amekwisha kupita. Halafu neno «mbawa» nimeliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu likitangulia, mtu anayesoma haraka hucheka kabla bosi hajamaliza kusema.

Mzee wa Nahau: Marahaba, mwanangu. Lakini hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Nani kati yetu husema hivyo?

Dada Nukta: Hakuna, na hakuna haja, kwa kuwa picha inakuja kukieleza nusu sekunde baadaye. Pasipo picha ningekubaliana nawe.

Kijana wa Spika: Samahani, mnatumia programu gani kuweka maandishi? Yangu huchelewa nyuma ya sauti.

Mama Wawili: Kijana, fungua mada yako.

Sauti ya Kati: Mimi ningefanya kama akina DJ Afro: ningezungumza juu ya sauti ya filamu, nimtanie nguruwe mwenyewe, kisha niendelee. Msimulizi hafungwi na midomo ya mtu.

Dada Nukta: Ni kweli, lakini mteja wa Bin Simulizi alilipia sauti zinazofuata midomo. Bin, hebu tumalizie, ulifanyaje?

Bin Simulizi: Sikumgusa bosi. Nilibadilisha jibu la mfanyakazi, akaja mwigizaji mwingine mwenye sauti ya kukaribiana na ya kwanza. Bosi: «Nyongeza yako imeota mbawa.» Nguruwe anapita. Mfanyakazi: «Ndiyo ile inapita, niikamate?» Safari hii hata fundi wa sauti alicheka.

Mzee wa Nahau: Naam! Hicho sasa ni Kiswahili.

Dada Nukta: Ni kizuri mno, nakiri. Ila vichekesho kama hivi hupenda kurudia utani wao. Je, bosi akija kutia saini katika sehemu inayofuata na kusema kwamba nguruwe ameruka kweli?

Bin Simulizi: Alisema, dada. Nikaandika: «Nimeikata mbawa.»

Mama Wawili: Na mkononi alikuwa ameshika nini?

Bin Simulizi: Kalamu. Ingekuwa ni nguruwe mzima na mbawa zake, sijui ningejibu nini.