308 kwa mita 450: greini 150 yenye kasi au greini 175 nzito?

Kijana_wa_Kikuyu
Wakuu, habari za jioni. Nina bunduki ya 308 yenye leseni, nalenga ubao tu, siwindi. Dukani nimekuta boksi mbili za risasi. Moja ni ya uzito wa greini 150, ncha laini, inatoka mtutuni kwa mita 860 kwa sekunde, BC 0.313, ile namba ya jinsi risasi inavyopenya hewa bila kupoteza kasi. Nyingine ni greini 175 ya shabaha, mita 792 kwa sekunde, BC inakaribia 0.5, na bei imenishtua. Nataka kufika mita 450 hivi. Mimi naona ya haraka ndiyo itashuka kidogo. Kwa nini nilipe zaidi kwa risasi inayoenda polepole?

LoriLaKibaigwa
Chukua nzito, usiulize mara mbili. Lori lililojaa mahindi ukiachia mafuta bado linakwenda. Bajaji ukiachia inasimama hapohapo. Uzito ndio kila kitu.

MzeeShabaha
Kibaigwa umesema nusu ya jambo, nusu nyingine nitairudia.

Kijana, nimekaa na kalamu nikazipigia hesabu boksi zako mbili, kwa hewa ya usawa wa bahari kama viwanda wanavyoandika. Mtutuni ile nyepesi inaongoza kwa karibu mita 70 kwa sekunde. Zikifika mita 183, yaani yadi 200 za kwenye boksi, zote mbili zina kasi ileile, kama mita 689 kwa sekunde. Uongozi wote umekwisha. Kwenye mita 457 nyepesi imebaki na 475, nzito bado ina 546.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi hudanganyana. Ukiziweka sawa zote mbili zigonge katikati kwenye mita 183, basi kwenye mita 457 nyepesi imeshuka kama sentimita 140 na nzito kama 133. Tofauti ni upana wa kiganja! Mvutano wa ardhi hauangalii boksi. Unaangalia muda risasi iliokaa hewani. Nyepesi iliokoa muda mwanzoni, ikaupoteza mwishoni, zikafika karibu pamoja. Mtu akikuambia BC kubwa itakupunguzia nusu ya mdondoko kwenye umbali wako, anakuuzia.

Kijana_wa_Kikuyu
Shikamoo mzee. Basi si ninunue ya bei rahisi?

MzeeShabaha
Marahaba. Subiri upepo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwa Dodoma mwezi wa saba ni upepo wa kuanikia nguo, utaisukuma ile nyepesi sentimita 83 kwenye umbali huohuo. Nzito itasukumwa 53. Mdondoko unaweza kuupima leo na kesho ukaukuta palepale, ukazungusha kitufe cha darubini ukamaliza. Upepo unaukisia. Ukikosea kuukisia kwa nusu, nyepesi inakutoa sentimita 41, nzito 26. Ubao wangu una upana wa sentimita 60, lengo likiwa katikati: ya kwanza iko nje ya ubao, ya pili bado imo. Fedha ya ziada unanunulia hilo.

Ukisogea hadi mita 730 ndipo mdondoko nao unaachana kweli, karibu mita 1 nzima, kwa sababu nyepesi huko inakaribia mwendo wa sauti na imekaa hewani muda mrefu.

Mama_Ng'ombe_Bahi
Jamani samahani niingilie. Mimi nina shotigani ya kufukuzia nyani shambani. Hii BC ipo kwenye boksi langu? Nimegeuza pande zote sijaiona.

LoriLaKibaigwa
Mama, zile ni punje za duara, hesabu hizi hazikuhusu. Nyani wako mita 30, piga hewani wataondoka.

Mama_Ng'ombe_Bahi
Hawaondoki. Wanahamia mti wa jirani.

Rungwa_Mstaafu
Narudi kwa Kibaigwa na uzito wake. Kazini tulikuwa na bunduki ya 375, risasi ya greini 300 yenye pua ya mviringo kwa ajili ya nyati. Karibu mara mbili ya uzito wa hiyo 175. Kwa hesabu yako ingepaswa kufika Manyoni ikiwa na kasi yake. BC yake ni kama 0.275, chini hata ya greini 150 ya kijana! Haikutengenezwa kwa umbali. Ni ya mita 50, ipasue ngozi na mfupa ikienda moja kwa moja. Uzito inao, ila ni nene na pua yake inasukuma hewa kama kiganja kilichofunguliwa nje ya dirisha la basi.

MzeeShabaha
Ndiyo nusu iliyobaki. Uzito unasaidia pale ambapo unene haujaongezeka. 150 na 175 za 308 zina unene uleule, hivyo greini 25 za ziada zimekwenda kwenye urefu: pua ndefu iliyochongoka, na kisigino kilichopunguzwa ili hewa ifunge taratibu nyuma yake. Hewa inashika eneo lilelile, lakini kinachosukuma ni kizito zaidi na umbo linapita kwa urahisi. Kwa hizi mbili, sehemu kubwa ya faida ni umbo. Greini 25 peke yake zingeipandisha BC kutoka 0.313 hadi kama 0.365 tu.

LoriLaKibaigwa
Sawa, lori lenye pua ya ndege. Nimekubali kwa shingo upande.

Dada_Darubini
Kijana, nikuonye kwa kosa langu. Nilikuwa na 175 hiyohiyo. Boksi lilikuwa na namba mbili, G1 ni 0.505 na G7 ni kama 0.24. Kwenye simu nikaingiza ile ndogo huku programu ikiwa imewekwa G1. Ikanipa marekebisho makubwa ajabu, nikazungusha, risasi tatu zikapita juu ya fremu na vumbi likaruka kwenye tuta la nyuma. Nikalaumu darubini wiki nzima. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja na umbo lake la kulinganishia. Usizichanganye.

Pia weka hewa ya hapa. Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya bahari, na kukiwa na nyuzi 30 hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ile ya kwenye boksi. Hiyo 0.313 hapa inafanya kazi kama 0.375 hivi. Kwa hiyo namba za mzee zitapungua kidogo kwako, hasa za upepo. Ukienda kulenga Dar na marekebisho ya hapa, utapiga chini.

Kijana_wa_Kikuyu
Asante dada. Ila mtutu wangu ni wa zamani, msokoto wake wa ndani unaozungusha risasi ni mzunguko 1 kwa inchi 12. Jamaa mmoja kaniambia 175 ni ndefu mno, haitatulia.

Rungwa_Mstaafu
Haitatulia. Achana nayo, chukua ya greini 168.

MzeeShabaha
Mimi nimepiga 175 kwenye mtutu kama huo, hapahapa, zikatulia. Hewa nyepesi inasaidia. Lakini ulikuwa mtutu mmoja.

Dada_Darubini
Omba mwenzako akuazime tano kabla hujanunua boksi. Weka karatasi mita 100. Matundu yakiwa ya duara, endelea na mbali zaidi. Ukiona tundu limerefuka kama la kufuli, risasi inayumba, na BC ya kwenye boksi haina maana tena.

Kijana_wa_Kikuyu
Jumamosi nitajaribu, nitaleta picha ya karatasi. Kuna mwenye tano za kuazimisha Dodoma mjini?